Steringi Aliyekataa Harambee

Kati ya 2012 na 2015 nilikuwa na duka la muvi mtaa wa Section 58, hapa Nakuru. Kilikuwa chumba cha mabati chenye kompyuta moja, rafu mbili za DVD, na runinga niliyoiacha ikicheza tangu asubuhi ili wapita njia wavutike. DVD ilikuwa shilingi 50, na mwenye flashi alipakiwa msimu mzima akaenda zake. (Ndiyo, najua kazi ile ilikuwa ni kula jasho la watu wengine. Sijivunii.) Faida yake kubwa haikuwa pesa. Ilikuwa kwamba mtu akimaliza msimu, anarudi kuchukua mwingine, na akirudi hawezi kuondoka kabla hajabishana.

Kwa Kiswahili cha vibanda vya video, muvi ina watu wawili tu: steringi na adui. Steringi ndiye anayefuatwa na kamera, na kanuni ya kwanza kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda anaijua: steringi hafi. Kwa miaka mingi nililiona neno hilo kuwa la kihuni, la kutafsiriwa vibaya. Siku hizi naona lina akili kuliko “shujaa” tuliyefundishwa darasani. Shujaa lazima awe na sifa. Steringi haulizwi sifa. Hadithi ni yake, basi. Anaweza kuwa mwizi, mlevi, muuaji, na bado benchi zima litapiga makofi akiponyoka polisi. Wasomi wa fasihi wana jina la shujaa-kinzani kwa mtu wa namna hiyo. Swali lililotukalisha dukani mpaka saa tatu usiku lilikuwa ni lini steringi wa namna hiyo anageuka kuwa adui, na kwa nini ikifika hapo sisi bado tunapiga makofi.

Mtu aliyetugombanisha zaidi alikuwa Walter White wa *Breaking Bad*. Mchezo ule wa runinga ulianza kuonyeshwa Marekani Januari 2008 ukaisha Septemba 2013, sehemu 62 kwa jumla. Mtunzi wake, Vince Gilligan, hakuficha nia yake: alitaka kumchukua mwalimu mpole na kumgeuza jambazi mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua. Walter anafundisha kemia shule ya upili mjini Albuquerque, jioni anaosha magari ya watu ili mshahara utoshe, na akitimiza miaka 50 anaambiwa ana saratani ya mapafu. Mke ni mjamzito, mtoto wao mkubwa ni mlemavu. Anamtafuta mwanafunzi wake wa zamani, Jesse Pinkman, waanze kupika methi, dawa ya kulevya, ili familia ibaki na kitu.

Nilikuwa na mteja mwalimu wa kemia. Shule yake siitaji. Alipomwona Walter amepiga magoti anasugua gurudumu la gari la mwanafunzi wake, na mwanafunzi yule amesimama akicheka, alizima sigara aliyokuwa ameiwasha sasa hivi. “Huyo ni sisi,” alisema. Yeye mwenyewe Jumamosi alikuwa akiuza chakula cha kuku. Kuanzia siku hiyo Walter alikuwa mtu wake, na hakuna lolote katika misimu minne iliyofuata lililomtoa hapo.

Mkabala na duka langu Mama Shiru aliuza mapazia ya mitumba. Wateja wakipungua alikuja kukaa kwenye mlango, nami nikimtafsiria Kiingereza alipohitaji, ingawa mara nyingi hakuhitaji. Yeye alimkataa Walter mapema mno, kwenye sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunamlilia.

Kinachotokea sehemu hiyo ni kidogo sana kwa macho. Walter ana rafiki wa zamani, Elliott, waliyeanzisha naye kampuni enzi za ujana. Walter aliuza fungu lake kwa dola 5,000 na kampuni ikaja kuwa ya mabilioni. Elliott na mkewe Gretchen wanasikia habari za ugonjwa. Kwanza anapewa kazi yenye bima nzuri, kisha Gretchen anampigia simu kumwambia waziwazi kwamba watalipia matibabu yote. Walter anakataa kwa adabu, anamdanganya kwamba bima yake imekubali kulipa. Anamwacha mkewe aamini kwamba Elliott analipa. Kisha anapanda gari kwenda kwa Jesse na kumuuliza kama yuko tayari kupika.

Mama Shiru alikuwa ameshika sindano na pazia la maua, nakumbuka, kwa sababu aliacha kushona. “Amekataa harambee?”

Nikamwambia kule kwao hakuna harambee.

“Watu wamesema watalipa bili yote ya hospitali, na yeye amesema hapana?” Akakata uzi kwa meno. “Basi huyo hatafuti pesa za hospitali.”

Nilidhani hajaelewa. Leo nadhani hakuna mtazamaji aliyeelewa vizuri kuliko yeye, na alielewa kwa sababu ya mahali anapoishi. Hapa kwetu mtu akipata saratani, kabla hata ya dawa, kinafunguliwa kikundi cha WhatsApp, anachaguliwa mweka hazina, na majina yanaanza kuandikwa: huyu 500, yule 2,000. Ni jambo gumu kwa mgonjwa, linaudhi, lakini halimfanyi mtu kuwa duni. Kwa hiyo mtazamaji wa Nakuru ana faida ambayo mtunzi pengine hakuifikiria: haoni fahari yoyote katika kukataa. Mtazamaji aliyelelewa kuamini kwamba mwanaume hapokei msaada ataona Walter amelinda heshima yake. Mama Shiru aliona mlango umefunguliwa na mtu ameufunga mwenyewe ili apate kisingizio cha kupita dirishani.

Mpaka ninaoutafuta, kwa maoni yangu, unaanzia hapo. Shujaa-kinzani anafanya ubaya kwa sababu njia nyingine zimezibwa, au angalau yeye na sisi tunaamini zimezibwa. Njia ikifunguliwa naye akaendelea na ubaya uleule, sababu aliyotupa imekufa, na kilichobaki ni mtu anayependa anachokifanya. Uzito wa tendo lenyewe hausaidii sana kuuona mpaka huo. Angalia: sehemu mbili tu kabla ya simu ya Gretchen, Walter alikuwa amemnyonga mtu kwa mikono yake. Ni muuza dawa aitwaye Krazy-8, aliyefungwa kwenye nguzo kwa kufuli ya baiskeli kule chini ya nyumba ya Jesse. Walter anamtengenezea sandwichi, anaandika kwenye karatasi sababu za kumwacha hai na za kumuua, na upande wa kuua kuna sababu moja tu: akimwachilia, familia yake yote itauawa. Bado anaamua kumwachilia. Kisha anaokota vipande vya sahani iliyovunjika, anavipanga kama fumbo, anaona kimoja hakipo, chenye ncha. Anarudi chini akijua mateka amekificha. Anamuua huku analia akiomba radhi. Kwa uzito wa tendo, hilo ni kubwa kuliko kukata simu. Lakini pale dukani hakuna aliyemlaumu, hata Mama Shiru.

Kwa nini basi wengi wetu tulichelewa? Murray Smith, msomi wa filamu, katika kitabu chake cha 1995 alitenganisha mambo mawili ambayo mtazamaji huyachanganya. La kwanza ni kufuatana na mhusika: tupo naye chumbani, tunajua anachokijua, tunasikia mlango ukigongwa kwa masikio yake. La pili ni kuwa upande wake, yaani kumpima na kukubali kwamba afadhali huyu. Kamera ikitupa la kwanza kwa saa nyingi, la pili huja lenyewe bila kuitwa. Mtu akijificha chooni nasi tumejificha naye, tunaomba asikamatwe, na wala hatujaulizwa kama anastahili kukamatwa.

Nyanya yangu, kule Kakamega, alikuwa na hadithi ya Sungura aliyeajiriwa na Simba jike kuwa yaya. Mama akienda kuwinda, Sungura anamla mtoto mmoja. Jioni mama yuko nje ya pango, anataka kuwaona watoto wake, na Sungura anawainua mmoja mmoja mlangoni awahesabu. Aliyepungua anafidiwa kwa kumwinua mwingine mara mbili. Siku ya mwisho amebaki mmoja, anainuliwa mara zote. Tulicheka mpaka machozi. Tulikuwa ndani ya pango pamoja na Sungura, tuliona jinsi anavyotoka jasho, na hofu yetu yote ilikuwa mama asije akagundua. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuwahurumia wale watoto. Hawakuwa na majina wala sauti, na kazi yao ilikuwa kupungua tu.

Sasa twende kwenye usiku wa Jane, sehemu ya kumi na mbili ya msimu wa pili, iliyoonyeshwa 2009. Nimeitazama zaidi ya mara kumi na ningeshauri mtu aitazame polepole.

Sehemu hiyo inaanza na kuzaliwa kwa mtoto wa Walter, Holly. Anamlaza ubavu na kumwekea kitambaa mgongoni asigeuke, ili akicheua asisongwe. Ni jambo dogo ambalo mtazamaji hulitilii maanani. Katika sehemu hiyohiyo mwanawe mkubwa anamfungulia tovuti ya kumchangia matibabu. Kwa lugha yetu, mtoto ameitisha harambee. Walter anakasirika, anaona ni kuombaomba, hadi wakili wake anapogundua kwamba tovuti hiyo inaweza kutumika kusafishia pesa za dawa. Hapo harambee inakubalika, mradi michango iwe ya uongo.

Jesse naye ameanza kutumia heroini pamoja na mpenzi wake Jane. Walter ameshikilia fungu la Jesse, dola 480,000, hataki kulitoa mpaka aache dawa. Jane anampigia simu na kumtishia kumfichua, na Walter analipa. Usiku, ametumwa kununua nepi, anapita baa na kukaa karibu na mzee mmoja asiyemjua. Wanazungumza habari za watoto, na mzee anamwambia familia huwezi kuikatia tamaa. Yule mzee ni baba yake Jane. Wao hawajui, sisi tunajua.

Walter anarudi kwa Jesse. Anawakuta wote wawili wamelala, wamelewa. Anamtikisa Jesse bega ili aamke, na katika kutikisika huko Jane, aliyekuwa amelala ubavu, anageuka chali. Anaanza kutapika, anasongwa. Walter anazunguka kitanda mbio, mikono imetangulia, kama mzazi yeyote. Halafu anasimama. Mkono unabaki hewani. Anaziba mdomo wake, machozi yanamtoka, na tunaona uso unabadilika kuwa wa mtu anayepiga hesabu. Jane ananyamaza.

Gilligan amesimulia kwamba wazo lake la awali lilikuwa kali zaidi: Walter amdunge Jane heroini ya ziada kwa mkono wake. Wenzake na wakubwa wa studio wakaona ni mapema mno, watazamaji watamkimbia. Basi wakaondoa mkono. Hilo linaniambia mengi kuhusu ufundi wenyewe, maana hesabu ya maiti haikubadilika. Waliondoa tendo tu, na kwa kuliondoa wakatuachia nafasi ya kumtetea. Nilizisikia hoja zote dukani: hakumgusa, alijiletea mwenyewe, alikuwa anamtishia, angemharibu Jesse. Mwalimu alizisema zote nne kwa pumzi moja. Mchezo nao, kwa haki, haukutuficha lolote. Ulikuwa umetuonyesha saa hiyohiyo kwamba mtu huyu anajua vizuri kwa nini mtoto hulazwa ubavu.

Linganisha na Jesse. Mwisho wa msimu wa tatu anapiga mlango wa Gale, mkemia asiyemdhuru mtu, anamwelekezea bastola akilia na kumuua. Huo ni mkono wake kabisa, na Jane ni mkono ambao haukunyooshwa. Bado hadi leo sijakutana na mtazamaji anayemwita Jesse adui. Sababu iko katika kinachofuata. Jesse hapati tena usingizi, nyumba yake inajaa watu ili asisikie kimya, na mwishowe anaendesha gari usiku akirusha mabunda ya noti kwenye nyua za watu asiowajua. Hawezi kuishi na pesa zile. Walter baada ya Jane anakwenda nyumbani na nepi. Ikiwa unataka alama ya kukuonyesha steringi wako yuko upande gani wa mpaka, usiangalie damu, tazama wiki inayofuata: deni la tendo lile limeandikwa kwa jina la nani. La Walter lililipwa na wengine. Baba yake Jane, aliyekuwa mwongoza ndege, alirudi kazini na msiba wake, ndege mbili zikagongana juu ya mji, na watu 167 wakafa.

Kuna jambo jingine linaloficha mpaka, nalo ni kumweka mbaya zaidi jirani. Kila msimu Walter anapewa mtu wa kumfanya aonekane afadhali: Tuco mwenye hasira za kichaa, Gus anayechinja bila kukunja uso, na mwisho kundi la Jack lenye chale za Kinazi. Tukimpima na hao anapita. Ukimpima na mke wake hapiti, na ndiyo maana watazamaji walimchukia mke. Skyler alichofanya ni kuuliza pesa zimetoka wapi. Chuki ilifika mahali Anna Gunn, mwigizaji wake, akaandika makala kwenye gazeti la New York Times, Agosti 2013, akieleza jinsi watu walivyomhamishia yeye mwenyewe chuki ya mhusika. Dukani kwangu pia Skyler aliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Katika hadithi ya nyanya, Skyler ndiye Simba aliyesimama nje akiomba kuhesabu tena, na sisi tulio ndani ya pango tukamwona msumbufu.

Mimi mwenyewe niligeuka lini? Nimechelewa, nakiri. Jane nilimsamehe, na hata mtoto Brock aliyelishwa sumu ya ua mwisho wa msimu wa nne nilimtafutia maelezo. Iliyonivunja ni sehemu ya Septemba 2013 ambapo Walter, shemeji yake Hank akiwa ameshauawa jangwani na Jesse akiwa amefungwa na watu wa Jack, anamkaribia Jesse na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba alimtazama Jane akifa, kwamba angeweza kumwokoa na hakufanya hivyo. Habari hiyo haina faida yoyote kwake. Haiokoi pesa, haiokoi maisha, hakuna anayemlazimisha. Anaisema ili iume. Mwalimu alikuwepo siku hiyo. Alinyamaza, kisha akasema, “Amekasirika tu.”

Kwangu mchezo ungeishia karibu na hapo. Sehemu ya mwisho kabisa ilimhurumia kupita kiasi: bunduki kubwa kwenye buti ya gari, wabaya zaidi wanalala chini, Jesse anapata uhuru, na steringi anafia katikati ya mitambo aliyoipenda. Watu kumi na wawili, wengine wamesimama nje kwenye vumbi, walipiga makofi. Kinachoshangaza ni kwamba dakika chache kabla, Walter mwenyewe alikuwa amekiri kwa Skyler alichokisema Mama Shiru misimu mitano nyuma: hakufanya kwa ajili ya familia, alifanya kwa ajili yake, alikipenda, alikuwa hodari. Ukitarajia ungamo hilo limalize upendo wetu, utashangaa. Lilimrudishia. Tunamsamehe haraka mtu anayesema ukweli, hata kama ukweli wenyewe ndio shtaka.

Makofi yalipokwisha Mama Shiru alikuwa bado anafikiria zile pesa. Walter alibaki na dola milioni 9.72, na asingeweza kumpa mwanawe kwa mkono, kwa sababu mtoto asingezigusa. Basi anaingia usiku kwenye nyumba kubwa ya Elliott na Gretchen, anawapangia mabunda mezani, na kuwaamuru wampe mtoto kana kwamba ni mchango wao wenyewe. Anawatisha kwamba kuna wauaji nje wanawalenga. Kumbe ni vijana wawili wa Jesse wenye vitochi vya mwanga mwekundu. Duka zima lilicheka hapo.

“Subiri,” Mama Shiru aliniambia, akikunja pazia. “Hao si ndio wale wa harambee?”

Nikasema ndio.

“Na mtoto atajua pesa zimetoka kwao?”

Ndiyo.

Akaweka pazia kwenye gunia, akaweka na lingine. Mwalimu alikuwa anauliza kama nina mchezo mwingine kama huu.

“Si angezipokea tu pale mwanzo,” alisema, akavuka barabara kwenda kufunga kibanda chake.